Utani wangu umemuudhi mteja, naombeni ushauri

MuuzaGodoro_Mbagala: Wakuu habari za jioni, nauza magodoro huku Mbagala, wateja wengi nawapata kwa status ya wasapu. Juzi nimechoka kuweka bei tu kila siku nikaamua nichekeshe kidogo, nikaandika "Kibonge ukilalia inchi 4, asubuhi tunakutafuta uvunguni 😂". Aisee watu wamecheka mpaka basi ila hakuna hata mmoja aliyeuliza bei, halafu dada aliyenunua 5x6 kwangu wiki iliyopita akanitumia "kumbe nilivyoondoka mlibaki mnanicheka". Nimeomba radhi, kasoma kanyamaza. Niache utani au?

Babu_Kariakoo: Acha kabisa. Weka picha, saizi, bei, namba ya simu. Anayetafuta godoro mgongo unamuuma, hana muda wa vichekesho.

DadaVitenge: Babu kwenye bei uko sawa, ila bei tupu watu wanaipita bila hata kuiona. Kosa la mleta uzi ni kumcheka mnunuzi badala ya kulicheka godoro chakavu. Mi ningeandika "Tulilala kila mtu na upande wake, saa nane ya usiku sote tuko shimoni, na mtoto katulalia juu." Hapo mtu anakumbuka shimo la kwake nyumbani, ya kwako kabaki anakumbuka kibonge. Utani uishie hapo, sentensi inayofuata sema bila masihara kwamba sponji nyepesi hufa pale kiuno kinapokaa ndo maana haidensiti ni ghali, kisha saizi, inchi, bei na usafiri. Hela ya mtu haitaniwi.

Mzaramo_Halisi: Utani una watu wake bwana. Mimi na Mnyamwezi tunatukanana hadi msibani na hakuna anayenuna, ila mteja hajawa mtani wako kisa kanunua godoro. Hata kama dukani mlicheka naye yaache hukohuko, status inasomwa na mama mkwe wake.

Neema_Moro: Samahani natoka nje ya mada, la kwangu inchi 8 lina miezi minne tu limeshabonyea, nimepigwa?

DadaVitenge: Neema funua uangalie chaga kwanza, zikiachana sana godoro linazama kwenye nafasi. Zikiwa sawa basi sponji yenyewe ndo nyepesi, mrudie muuzaji. Na mleta uzi, mtu wa hivi akija kwako analalamika usithubutu kumwekea 😂, hapo mjibu kikawaida tu.

MuuzaGodoro_Mbagala: Nimekupata dada. Ila hiyo ya mume na mke, nina wateja mashehe na walokole, hawataona nimewaingilia chumbani?

Mzaramo_Halisi: Wataona. Weka watoto watatu wa kitanda kimoja wanaogombania ukutani.

DadaVitenge: Watoto hawanunui godoro kaka 😅 mi nabaki na shimo langu.

Babu_Kariakoo: Nimesema bei.