Hisa moja, hali tatu za uchumi: STDEV.S, njia ndefu au njia ya mkato?

Kipanga
Hisa inauzwa sh. 500. Uchumi ukikua (uwezekano 0.3) inaleta 20%, ukienda kawaida (0.5) 10%, ukidorora (0.2) −15%. Natafuta mkengeuko sanifu: STDEV.S ya Excel inatoa 18.03%, kwa mkono inakuja 12.29%. Ipi sahihi?

hesabu_tu
Ya mkono. STDEV.S haijui uwezekano wako. Inazipa hali zote uzito sawa, wastani unakuwa 5%, halafu inagawa kwa 2 kana kwamba hizo ni sampuli. Wastani wenye uzito ni 6 + 5 − 3 = 8%. Tofauti na wastani huo ni 12, 2 na −23. Zipandishe kipeo cha pili, kisha zidisha kila moja kwa uwezekano wake: 43.2 + 2 + 105.8 = 151. Hiyo ndiyo variansi, na kipeuo chake ni 12.29%. Angalia 105.8 ilivyotawala: hali yenye uwezekano mdogo kuliko zote imebeba asilimia 70 ya variansi. Kwenye Excel weka uwezekano A2:A4 na mapato B2:B4:

```
B6: =SUMPRODUCT(A2:A4,B2:B4)
B7: =SQRT(SUMPRODUCT(A2:A4,(B2:B4-B6)^2))
```

Mama Ntilie wa DSE
Mie nina mapato ya miezi 24 ya hisa yangu. Na mimi niache STDEV.S?

hesabu_tu
Hapana dada, yako ni historia, kwa hiyo ni sampuli kweli. Baki nayo.

Mkato
Njia ya mkato ni fupi zaidi: wastani wenye uzito wa vipeo vya pili vya mapato, toa kipeo cha pili cha wastani. 215 − 64 = 151. Kwenye mtihani sioni sababu ya kutumia nyingine.

hesabu_tu
Sawa, mradi usikadirie mapema. Kwa desimali ni 0.0215 − 0.0064. Ukikadiria hadi nafasi mbili inabaki 0.02 − 0.01, na mkengeuko unakuwa 10%. Njia ndefu haikuadhibu hivyo.

Nuru_K
Kipanga, hizo asilimia zina gawio ndani?

Kipanga
Ndiyo, sh. 20 kila hali. Bei za mwisho ni 580, 530 na 405.

Mkato
Basi gawio halina kazi kwenye hatari. Linaongeza wastani kwa 4% tu.

Nuru_K
Likiwa lilelile kila hali, kweli. Lakini uchumi ukidorora kampuni nyingi hulikata. Liondoe hapo tu: −15% inageuka −19%, wastani unashuka hadi 7.2%, variansi inapanda hadi 190.36 na mkengeuko hadi 13.8%.

Kipanga
Kwa hiyo niandike 12.29 au 13.8?

Nuru_K
Inategemea unaiaminije bodi yao. Mimi ningeigawa hali ya kudorora mara mbili, yenye gawio na isiyo na gawio, 0.1 kila moja.

hesabu_tu
Hiyo 0.1 umeitoa wapi?