Hisa za Nairobi: kupitia broka au benki inayotunza hisa?

Chausiku_Kisauni: Hamjambo? Nina shilingi 200,000 za kununulia hisa. Broka anataka kitambulisho, PIN ya KRA na picha tu. Benki yangu nayo inasema itatunza hisa yenyewe, broka abaki kununua na kuuza, ila kuna ada. Broka akifilisika, nitapoteza nini?

MzeeWaPapo: Hakuna. Hisa ziko CDSC, hifadhi kuu ya hisa, kwa jina lako, si mali ya broka. Usilipe benki bure.

Karani_Mstaafu: Mzee, kwenye umiliki umesema kweli. Broka akifungiwa, wadai wake hawagawani hisa zako. Unajaza fomu zihamie kwa broka mwingine. Lakini yeye ndiye anayeingiza amri ya kuuza. Nyaga Stockbrokers ilipowekwa chini ya usimamizi Machi 2008, wateja walilalamika kwamba hisa zao ziliuzwa bila idhini. Zilikuwa kwa majina yao, na bado ziliondoka.

Fedha taslimu ndizo zinazonitia hofu zaidi. Broka anatakiwa aziweke kwenye akaunti ya wateja, mbali na ile anayolipia mishahara na pango. Ila humo zako zimechanganyika na za wenzako, na daftari la nani ana kiasi gani analo yeye. Akichota, pengo linaweza kufichika mpaka wateja wengi wadai kwa pamoja. Chausiku, tuseme umenunua hisa za 80,000, na 120,000 umeziacha kwake. Wateja wa Nyaga walifidiwa na mfuko wa wawekezaji hadi 50,000 kila mmoja. Kwa kikomo kile, 70,000 zako ungebaki kuzidai kwenye mali ya broka aliyeanguka.

Omari_Dallas: Huku Marekani hisa zangu zimesajiliwa kwa jina la kampuni ya kushikilia hisa, Cede & Co., mimi niko kwenye orodha ya broka. Broka akianguka, SIPC, shirika la kulinda wateja wa mabroka, inafidia hadi dola 500,000, fedha taslimu zikiwa 250,000 kati ya hizo. Zangu zimeshuka sana. Mfuko wa huko hulipa bei ikianguka?

Karani_Mstaafu: La, Omari. Wala SIPC hailipi hasara ya bei.

Chausiku, peleka fedha ukiwa tayari kununua, na ukiuza zitoe mara malipo yakikamilika. Omba taarifa CDSC kwenyewe, ulinganishe idadi ya hisa na karatasi ya broka. Na wakala akikupa namba yake binafsi ya kutumia fedha, usitume.

Chausiku_Kisauni: Asante, mzee wangu. Kwa benki, broka hawezi kuuza kisiri?

Karani_Mstaafu: Ni vigumu zaidi, mwanangu. Benki haitoi hisa bila maagizo yako, na fedha zinakaa kwenye akaunti yako mpaka siku ya kulipia.

MzeeWaPapo: Hilo la taarifa za CDSC nalikubali. Lakini kwa laki mbili, ada ya benki italamba gawio lote.

Karani_Mstaafu: Huenda. Chausiku, waulize ada ya chini kabisa kwa mwaka, maana wengine hutoza hata usipouza wala kununua chochote.