Ukuta wa mpaka umeinama, kifusi ni cha jirani: nani alipe?

Mpaka Mkali: Wakuu, ukuta nilijenga mwenyewe miaka tisa iliyopita, mita 20, kimo mita 2, tofali za sentimita 15. Jirani aligoma kuchanga. Mwaka jana akajaza kifusi upande wake apate pa kuegesha gari. Mvua zimekuja, ukuta umeinamia kwangu. Nimemwambia tujenge upya nusu kwa nusu, anajibu "ukuta ni wako, hangaika nao". Nani alipe? Na msinitajie mafundi, wote wezi wa saruji.

Fundi Timazi: Ukuta umesimama miaka tisa, umepigwa jua na mvua, haukutikisika mpaka mtu alipoutwika mzigo. Leo aliyeujenga ni mwizi. Haya, saruji iliyobaki baada ya wizi imeushika ukuta miaka tisa, ile iliyoibiwa ingeushika miaka mingapi?

Bibi Kizimba: 😂😂 Fundi kaumia.

Sheria Tupu: Mbona rahisi. Ukuta wa mpaka ni wa wote wawili, gharama nusu kwa nusu. Sheria iko hivyo dunia nzima. Na ukisimama mlangoni ukitazama barabara, ukuta wa kushoto ndio wako kuutunza.

Hati Mkononi: Hiyo ya kushoto na kulia nimeisikia miaka yote na sijawahi kuona hati inayosema hivyo. Hata "dunia nzima" punguza. Ufaransa, kwa mfano, ukuta unaotenganisha majengo huhesabiwa wa wote mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mojawapo ya ithibati ni umbo la juu: ukiteremka upande mmoja tu, mwenye upande ule maji yanakomwagikia ndiye mwenye ukuta. Uingereza huwezi kupitisha ukuta mpya juu ya mstari wa mpaka bila jirani kukubali.

Mpaka Mkali, nikuulize kitu kimoja kabla hujaendelea na nusu kwa nusu. Msingi uliuchimba juu ya mstari, au ndani ya kiwanja chako?

Mpaka Mkali: Ndani. Nilirudi kama sentimita 20 kutoka kwenye mawe ya mpaka maana jamaa alikuwa mkali. Kwa nini?

Hati Mkononi: Kwa sababu unajivunja mguu mwenyewe. Kama ukuta uko ndani ya kiwanja chako na ulilipa peke yako, ni wako mzima. Maana yake hana wajibu wa kukuchangia rangi, lipu wala ufa wa kawaida. Lakini pia hana haki ya kuegemeza udongo wake kwenye ukuta huo. Ukisema "ni wetu, tugawane", umemkaribisha aseme na yeye anao, na kifusi kaweka kwenye mali yake. Chagua dai moja. Wewe usiombe mchango. Mwambie kaharibu kitu chako, arekebishe.

Sheria Tupu: Si ndiyo nilichosema? Mwenye ukuta ndiye anayejulikana.

Fundi Timazi: Hukusema hivyo hata kidogo, panda juu usome.

Bibi Kizimba: Mimi jirani yangu alijenga ukuta mrefu, kuku wangu wakakosa jua. Nilipe au nilipwe?

Sheria Tupu: Kuku hawana hati.

Bibi Kizimba: Wewe unayo ya mkono wa kushoto.

Mpaka Mkali: Jamani, kuku wasubiri. Jirani anasema ukuta ulikuwa mbovu tangu mwanzo, kifusi kimeusukuma kidogo tu. Ati kifusi cha kimo cha sentimita 80 si kitu, ni kimo cha meza.

Fundi Timazi: Sitaki kukujibu lakini nitajibu kwa ajili ya wengine. Kimo cha meza ni kingi mno kwa tofali la sentimita 15. Ukuta wa uzio hujengwa ubebe uzito wake na upepo, haujengwi kuzuia udongo. Na msukumo hauongezeki kwa mwendo wa kimo. Kifusi kikiwa kimo mara mbili, nguvu inayosukuma huwa mara nne, na ile ya kuuangusha kutokea mguuni huwa mara nane. Angejaza sentimita 40 pengine tusingekuwa hapa. Kisha maji: kifusi kikilowa hadi juu na hakuna pa kutokea, msukumo hufika mara mbili hivi ya kifusi kikavu. Ndiyo maana umeinama baada ya mvua, si siku ya kujaza.

Swali: kwenye ukuta, chini, kuna matundu ya kutolea maji?

Mpaka Mkali: Hakuna. Lakini kwani ningejua atajaza?

Fundi Timazi: Ungejua ungekuwa mganga. Uzio hauhitaji matundu hayo. Ukuta wa kuzuia udongo ndio unaohitaji, na aliyeugeuza kazi ndiye aliyepaswa kuyafikiria, na kokoto nyuma yake.

Hati Mkononi: Sasa ule ubishi wa "mbovu tangu mwanzo" unapimika. Nyufa zikoje?

Mpaka Mkali: Kuna ufa mmoja wa mlalo karibu na chini, na katikati ya nguzo mbili ukuta umetoa tumbo upande wangu. Lipu ya chini imelowa, ina chumvi nyeupe.

Fundi Timazi: Msingi ukitulia vibaya, ufa hupanda ngazi ngazi kwenye viungo vya tofali, kwa mshazari. Wa mlalo na tumbo ni ukuta kusukumwa. Chumvi ni maji yanayopenya kutoka kwake. Piga picha leo, weka rula ndani ya picha. Kisha shusha timazi toka juu, pima umbali wa uzi na ukuta juu na chini, andika tarehe, rudia kila wiki. Tofauti ikikua, watoto wasikae upande huo, na usingoje mtu yeyote akubali chochote.

Na usibomoe wewe kwanza! Kifusi kitoke kwanza, kutoka upande wake, kwa koleo, gari lisikaribie. Ukigonga tofali wakati udongo umeshinikiza, unashusha kila kitu juu yako.

Sheria Tupu: Lakini nguzo zilikuwa na nondo? Kama hazikuwa nazo, jirani ana hoja.

Hati Mkononi: Hapo, kwa mara ya kwanza, uko sawa kidogo. Atakachodai ni kwamba analipa ukuta mpya kwa ule uliokuwa na miaka tisa, tena bora zaidi. Ni hoja ya haki, nami sina hakika mtu wa kuamua angeipima vipi. Ninachoona ni njia hii: kuzuia udongo, pamoja na msingi mpana na matundu, ni kazi yake, ajenge upande wake na alipe yote. Uzio wako ukirudishwa kama ulivyokuwa, akilipa sehemu, mjadiliane hiyo sehemu tu.

Mpaka Mkali: Nimepima: uzi juu umegusa, chini kuna sentimita 4 za nafasi. Nimemwonyesha. Amekubali kutoa kifusi wikendi, ila kulipa bado. Anasema nami nikiri fundi wangu hakuweka nondo.

Fundi Timazi: Aliweka?

Mpaka Mkali: Sikumbuki. Nilikuwa nahesabu mifuko ya saruji.

Fundi Timazi: Mifuko mingapi ilipotea?

Mpaka Mkali: …Hakuna. Ilibaki miwili.

Bibi Kizimba: Kuku wangu wanamsubiri fundi aombwe radhi.