Mbatata Mombasa: joto au uvivu?

Bamburi: Nimepanda mbatata aina ya Shangi hapa Bamburi. Majani yamefika magotini, nimechimbua, chini hamna kitu. Mbatata Mombasa inawezekana kweli?

Mtu wa Molo: Hukuinulia udongo. Watu wa pwani mmezoea kungoja lori soko la Kongowea, jembe mnaliogopa.

Mama Karai, Likoni: Lori lenu ndilo linaloniletea viazi vya kijani! Namenya, rangi imeingia hadi ndani, nusu debe naitupa. Huyo aliyeogopa jembe ni nani?

Mzee wa Ugani: Bamburi, kiazi si mzizi. Ni ncha ya kishina kinachotambaa chini ya udongo, wataalamu wanakiita stoloni, na ncha hiyo huvimba vizuri usiku ukiwa na nyuzi 15 hadi 18 hivi. Usiku wa Mombasa mara nyingi hauteremki chini ya 20. Kwa joto hilo mmea unaendelea kulisha majani, na stoloni badala ya kuvimba inachomoza juu na kuota majani. Kafukue taratibu vichipukizi vilivyo kando ya shina. Ukikuta kimoja kimeunganishwa na mmea mama kwa kamba nyeupe iliyopita ardhini, joto limekupata.

Kijana Nyali: Joto si neno, mzee. Mbatata inataka siku fupi, siku ndefu ndizo zinazoizuia.

Mzee wa Ugani: Siku fupi kweli zinaisukuma izae, kijana. Lakini sisi tuko karibu na ikweta, mwaka mzima mchana ni saa 12 hivi, sawa na Molo. Molo wanavuna, Bamburi hapana. Tofauti ni ubaridi wa usiku.

Bamburi: Nimefukua. Vitatu vina kamba nyeupe. Nikiinulia udongo sasa?

Mzee wa Ugani: Udongo hauleti usiku wa baridi. Matandazo ya nyasi yatapunguza joto la ardhini, ila usitegemee gunia.

Mama Karai: Na kijani changu?

Mzee wa Ugani: Kiazi ni shina, mama, kikiona mwanga kinageuka kijani. Rangi yenyewe haidhuru, lakini mwanga huohuo huzidisha solanini, ile sumu chungu, na mafuta ya karai hayaiondoi. Stoloni hutoka juu ya mbegu, kwa hiyo viazi hukaa karibu na uso wa ardhi, mvua ikiosha tuta vinachungulia. Ndiyo maana miche ikifika kama sentimita 20 unapandishia udongo, na wiki mbili tatu baadaye unarudia.

Mtu wa Molo: Sisi tunarudia! Viazi vinakuwa kijani hapo sokoni, gunia linaanikwa juani siku nzima.

Mama Karai: Gunia nililofungua juzi lilishushwa usiku kwenye lori, kaka. Jua gani hilo?

Mtu wa Molo: Na kabla ya lori lilikuwa kwa dalali. Muulize yeye.