Wakala ametuunganishia Mara na Dubai siku moja, sasa anasema mvua ni ya Mungu

Wanajamvi, nimekasirika. Wakala mmoja hapa Mombasa alinikatia mimi na mke wangu tiketi za ndege ndogo kwenda Maasai Mara, na tukirudi tuondoke uwanja wa ndege wa Moi kwenda Dubai jioni hiyo hiyo.

Siku ya kwenda, kijana wa mizani aliliona sanduku letu la magurudumu akalikataa. Kilo 15 kwa mtu, mkoba wa mkononi ukiwemo, tena begi laini, kwa sababu mizigo husukumwa kwenye kihifadhio cha chini ya tumbo la ndege, na sanduku gumu halipindi. Mke wangu alitoa nguo zake sakafuni mbele za watu, akazishindilia kwenye mfuko wa duka. Wakala hakuwa ametwambia lolote.

Kurudi ndiyo balaa. Usiku kulinyesha, kiwanja cha udongo kikajaa maji. Ndege ya saa tano asubuhi ilikuja saa tisa, ikapita viwanja vingine kuchukua watu. Ya Dubai ni ya saa kumi na moja; tumefika, imeshaondoka. Tiketi ni mbili tofauti, na hiyo ya pili ni ya bei ya chini, haibadilishwi. Nataka pesa zangu!

Mchuuzi_Marikiti: Pole. Lakini hayo ya kilo ungelipa ziada tu, wangelibeba.

Kuli_Mstaafu: Si kila mara, ndugu. Nimepakia ndege hizo. Rubani anajumlisha watu, mizigo na mafuta. Mara iko juu, zaidi ya mita 1,500, na jua likiwaka hewa huwa nyepesi, ndege inahitaji njia ndefu kupaa. Ikishajaa, pesa yako haipunguzi uzito. Wengine hukuuzia kiti kizima cha mzigo, lakini ukiagiza mapema. Na viwanja vile havina taa, rubani anatua kwa macho. Akiona wingu limefunika au matope, anangoja. Wakala yeyote anayejua kazi angewalaza Mombasa usiku mmoja, au awakatie ya Dubai inayobadilishwa tarehe.

Mama_Tudor: Mimi treni ya Nairobi walinishikia dumu langu la mafuta ya nazi pale Miritini. Hawa watu wa usafiri wote ni wamoja.

Mchuuzi_Marikiti: Basi kampuni ya ndege ndogo ndiyo ilipe ya Dubai.

Kuli_Mstaafu: Tiketi zikiwa mbali mbali, wao wajibu wao unaishia Moi. Ila waombe barua inayotaja sababu na saa mliyochelewa. Kama una bima ya safari, soma kipengele cha kukosa ndege ya kuunganisha. Nyingine zinalipa, nyingine zinataka uwe umeacha muda wa kutosha katikati.

Mwenye uzi: Bima aliikata yeye huyo huyo wakala, na karatasi hajanipa. Muda wa katikati ulikuwa saa tatu, na aliupanga yeye. Kesho niko ofisini kwake na risiti zote.