Raundi mbili za marekebisho zimegeuka kumi na moja, na bado naambiwa "hatujamaliza kutoa maoni"

Kalamu ya Sakina (mleta uzi)

Wakuu, nimekaa na hasira hii tangu Ijumaa. Leo naimwaga hapa, mwenye kunicheka anicheke.

Mimi ni kopiraita, naandikia kampuni za utalii hapa Arusha maneno ya tovuti zao. Siuzi kwa neno, nauza kazi nzima. Mwezi uliopita nikapata kampuni moja ya kupandisha watalii Kilimanjaro, jina naliacha. Kurasa sita: ukurasa wa mwanzo, kuhusu sisi, njia ya Machame, Marangu, Lemosho, na maswali ya wageni. Nikawapigia 1,200,000. Nusu kabla, nusu kazi ikikamilika. Marekebisho mara mbili bure, ya tatu na kuendelea 120,000 kila raundi. Nilimwandikia kijana wao wa masoko wasapu, akajibu "sawa kaka, tumekubaliana". Ninayo mpaka leo.

Rasimu nikaipeleka baada ya siku tisa, maneno kama 4,200. Jumatatu kijana akanirushia voisi saba. Moja ya ukurasa wa mwanzo, moja ya bei, moja anacheka tu na mwenzake. Nikarekebisha. Jumanne bosi mwenyewe akaibuka: neno "adventure" halitaki. Nikalitoa kila mahali. Alhamisi akaja mshirika wao aliyeko Ujerumani, yeye "adventure" anaitaka, tena kwenye kichwa cha habari. Nikairudisha. Wikiendi mpwa wa bosi, ambaye sijui hata anafanya kazi gani pale, akaniambia ukurasa wa mwanzo ni mrefu. Nikaukata kutoka maneno 750 hadi 310, kazi ya siku nzima. Faili nililonalo sasa hivi linaitwa `mwanzo_final_bosi_final11.docx`. Kumi na moja!

Halafu ndiyo ikaja ya kufungia kazi. Lemosho itoke, iwekwe Rongai. Na lugha yote ibadilike, maana sasa hawalengi tena wazungu wenye hela zao, wanalenga vikundi vya wanafunzi. Nikasema kwa upole, hapo tumeshapita raundi mbili zamani, nipeni 240,000 ya raundi mbili za ziada niendelee. Nikajibiwa, nanukuu: "Kaka hiyo yote bado ni raundi ya kwanza, hatujamaliza kutoa maoni. Na kazi haijakamilika, salio unadai la nini?"

Salio langu 600,000 wamekalia. Na ukurasa wa Machame uko hewani kwenye tovuti yao, neno kwa neno nilivyouandika. Naupitia kila asubuhi kama mtu anayechungulia nyumba aliyofukuzwa.

Nilipanga saa 40. Zimeenda 71. Nisaidieni.

Tajiri wa Kiborloni

Pole mkuu, ila umeyataka. Uza kwa neno. Piga 250 kwa neno, maneno 4,200 ni 1,050,000, wakitaka nyongeza wanalipia nyongeza. Nyie wa bei ya jumla mnajikaanga kwa mafuta yenu.

Mama Steshenari

Mwanangu usilaumu wateja. Mimi nachapa hapa karibu na Mnara wa Saa mwaka wa kumi na mbili, mteja akirudisha kazi mara nyingi ujue kuna makosa ya kuchapa. Tafuta mtu akusomee kabla hujapeleka. Mimi nina binti mzuri sana kwa hilo, 500 kwa ukurasa.

Kalamu ya Sakina

Mama shikamoo. Makosa ya kuchapa hawajalalamikia hata moja. Wanabadilisha mawazo, mama.

Mama Steshenari

Marahaba. Basi hao hawajui wanachotaka. Binti bado yupo lakini.

Meku wa Shanty Town

Nimeandika kopi za hoteli na kampuni za mlima tangu tovuti zikiwa na kaunta ya wageni chini ya ukurasa. Nianze na Tajiri, maana ushauri wake una nusu ya ukweli na hiyo nusu ndiyo inayoua watu.

Kweli, ukiuza kwa neno, nyongeza inajilipia. Lakini mtazame huyu dogo alichofanya wikiendi ile: amekata ukurasa wa mwanzo kutoka 750 hadi 310. Kwa bei yako ya 250 amepoteza 110,000 kwa kufanya kazi ngumu kuliko ile ya kwanza. Kichwa cha habari chenye maneno sita kinaweza kula asubuhi nzima, utamdai mteja 1,500? Na marekebisho mengi hayaongezi neno hata moja, yanatoa hili yanaweka lile. Kwa neno utayafanya yote bure vilevile.

Sasa wewe Sakina. Bei ya jumla maana yake umeuza saa zako bila kuzionyesha. 1,200,000 kwa saa 40 ni 30,000 kwa saa. Ukuta pekee unaozilinda ni ile idadi ya raundi, na wewe umejenga ukuta ukasahau kusema unaanzia wapi. Uliandika "marekebisho mara mbili". Mara ni nini? Kwako kila voisi ni mara. Kwao mara inaisha wakichoka kusema. Na wewe mwenyewe uliwafundisha hivyo pale Jumatatu ulipoanza kurekebisha voisi ya kwanza kabla ya kusikia ya saba.

Kwangu raundi ni orodha moja, kwenye faili moja, kutoka kwa mtu mmoja ambaye jina lake tumeliandika kwenye makubaliano, ndani ya siku tano za kazi tangu nipeleke rasimu. Bosi, Mjerumani na mpwa wagombane wao kwa wao kwanza, mimi niletewe hukumu. Voisi zikija nasikiliza, najibu "nimepokea, tafadhali iwekeni kwenye orodha", sigusi kitu. Siku tano zikipita kimya, rasimu imekubaliwa.

Kalamu ya Sakina

Hapo kwenye kurekebisha moja moja nimeumia, maana ni kweli. Nilidhani naonyesha huduma nzuri.

Ila Rongai je? Hiyo nayo ni raundi?

Meku wa Shanty Town

Hiyo si raundi kabisa, na wewe kuiita raundi ndiko kulikokuponza. Ulipodai 240,000 ya "raundi mbili za ziada" ulikubali kwa mdomo wako kwamba kuandika upya ni marekebisho.

Mimi nayatenga hivi. Nikikosea ukweli, mathalani nimeandika kwamba njia ya Marangu wageni wanalala kwenye mahema wakati wanalala vibandani, Mandara, Horombo na Kibo, hiyo narekebisha bure hata mwaka ukipita, haihesabiwi. Mteja asipopenda sentensi, hiyo ndiyo raundi. Lakini Lemosho inaingilia magharibi mwa mlima, Rongai kaskazini kule karibu na mpaka wa Kenya. Kambi tofauti, siku tofauti, sababu ya mgeni kuichagua ni tofauti. Huo ni ukurasa mpya. Na kuhama kutoka mgeni wa kifahari kwenda kikundi cha wanafunzi ni kazi mpya kwa kurasa zote. Unasimamisha kila kitu, unaandika bei mpya, unasubiri wajibu.

Jambo jingine, hili halijasemwa na mtu. 120,000 yako ni rahisi mno. Raundi moja ya kurasa sita inakula saa ngapi?

Kalamu ya Sakina

Saa nane hivi. Saba nikiwa na haraka.

Meku wa Shanty Town

120,000 kwa saa nane ni 15,000 kwa saa, nusu ya bei yako ya kawaida. Yaani ukuta umeubandika tangazo la punguzo. Mteja mwenye akili atanunua raundi hadi Krismasi. Raundi moja ya ziada ilitakiwa ianzie 240,000, na ilipwe kabla hujafungua faili.

Dada wa Loji

Naomba nami niseme, maana naona hapa wateja wote tumekuwa wezi. Nina loji ya vyumba tisa njia ya Karatu, na nimewahi kuandikiwa tovuti. Mwandishi alinieleza hivyo hivyo, raundi mbili. Rasimu ilipokuja sikujikuta humo. Ilikuwa Kiingereza kizuri cha hoteli yoyote duniani. Raundi mbili zote ziliishia kwenye kuelezea kwamba sisi ni watu wa familia, mgeni anakula meza moja na sisi. Ya tatu nikatozwa. Nililipa kwa kosa ambalo si langu.

Kalamu ya Sakina

Dada, kwa heshima, mlikuwa mmemwambia hayo kabla hajaandika?

Dada wa Loji

Hakuuliza. Nani anajua cha kumwambia mwandishi?

Meku wa Shanty Town

Dada yuko sahihi, sitamtetea mwenzangu. Kabla ya kuandika sentensi moja napeleka karatasi ya ukurasa mmoja: msomaji ni nani, anaogopa nini, tunataka afanye nini akimaliza kusoma, na sampuli ya aya mbili kwa sauti nitakayotumia. Mteja anaijibu "sawa" kwa maandishi. "Hii si sisi" ya dada ingetoka hapo, ingegharimu nusu saa. Mwandishi aliyeruka hatua hiyo, gharama ya raundi ya tatu ni juu yake.

Tajiri wa Kiborloni

Meku unaongea kama wateja wa Moshi na Arusha watasoma makubaliano ya kurasa nne. Watakwambia kuna dogo mwingine anafanya kwa laki tatu na hahesabu raundi.

Meku wa Shanty Town

Nusu ukurasa unatosha. Na ndiyo, wengine wataondoka. Mimi walioondoka kwa sababu ya raundi sikuwahi kuwakumbuka, ila hiyo ni mimi, nina wateja wa zamani. Mwenye kodi ya nyumba ya kulipa mwisho wa mwezi sijui nimwambie nini.

Salio lako Sakina: usidai tena raundi. Dai 600,000 ya kurasa sita zilizopelekwa, ambatanisha rasimu ya kwanza yenye tarehe, ile "tumekubaliana" ya kijana, na picha ya ukurasa wa Machame ukiwa hewani. Piga picha leo, kabla hawajautoa. Rongai iandikie bei yake peke yake, waraka tofauti. Na siku nyingine kamwe usiandike "kazi ikikamilika". Andika tarehe: salio siku 14 tangu rasimu ya kwanza, marekebisho yawe yameisha au la.

Dada wa Loji

Hilo la siku 14 mimi nisingesaini. Nalipaje kitu ambacho bado kinarekebishwa?

Meku wa Shanty Town

Hapo tungebishana dada, na pengine tungekutana kwenye siku 21.

Kalamu ya Sakina

Picha nimepiga. Dai nimetuma saa nne asubuhi kwa barua pepe, kwa bosi, si kwa kijana. Kijana amenipigia mara mbili, sijapokea, nimemwandikia aniwekee kwa maandishi.

Saa nane mchana wamejibu mstari mmoja: "Tumepokea, tutawasiliana." Na ukurasa wa Machame wameugusa. Wametoa "adventure".

Mama Steshenari

Mjerumani atairudisha.