Naomba ushauri: kupiga picha bomba la mikorosho lililofutika lebo ili chapa itambulike

Wakuu, habari za Newala. Kuna bomba la injini la kupulizia salfa, stika yake imeliwa na dawa, na fundi wa vipuri aliyeko Mtwara mjini anataka picha kabla ya kutafuta pistoni.

Zilizopigwa tayari ni bomba zima kwa mbele na pande zote mbili, simu ikiwa usawa wa injini. Ukipiga kutoka juu, tangi linaficha umbo la kava la stata, na umbo hilo ndilo linalotofautisha mabomba yanayofanana rangi. Kabureta imeandikwa Walbro, lakini hilo ni jina la mtengenezaji wa kabureta tu, lisiwapoteze.

Kwenye bloku kuna herufi zilizotokeza kwenye chuma. Flashi ilizifuta kabisa, maana mwanga wa mbele hauachi kivuli. Tochi iliyolazwa ubavuni, kivulini, ilizionyesha vizuri, na simu ilikaa kama sentimita 40 kisha ikavuta mara 2. Ukiisogeza karibu sana, herufi za pembeni zinapinda.

Kinachosumbua ni mabaki ya stika kwenye mzingo wa tangi: katikati panasomeka, kingo zinang'aa. Je, nipige picha 3 zinazopishana, kila moja ikitazama sehemu yake moja kwa moja, au moja tu kwa mbali? Na mng'ao huo mnauondoaje bila kukwangua stika iliyobaki?